Muhtasari wa ripoti mbili za mashua iliyokwama usiku wa kuamkia Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Kwa: Bi Mwenyekiti na wanachama wote wa kikundi
Kutoka kwa: Katibu
Kilindoni, Mafia, 24 Oktoba 2024

Assalaam aleikum.

Mlinituma nizisome ripoti mbili tulizoletewa kuhusu mashua iliyobeba mizigo yetu kwenda Nyamisati, kisha niwaeleze zinakubaliana wapi na zinapishana wapi kabla ya kikao cha Jumamosi. Nimezisoma mara tatu. Mimi sikuwepo safarini. Kwa hiyo hapa nasema yaliyoandikwa, na ninapoongeza langu nitasema wazi kuwa ni langu.

Ripoti ya kwanza ni ya nahodha. Ina ukurasa mmoja na nusu, imechapwa na karani wa mwenye chombo tarehe 19 Oktoba, na nahodha ametia sahihi. Ya pili imeandikwa kwa mkono na katibu wa kikundi cha wavuvi cha Nyamisati tarehe 20 Oktoba, kurasa nne. Kabla ya kulinganisha lolote, mjue kila mmoja alikuwa wapi. Nahodha alikuwa chomboni tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandishi wa pili alikuwa nchi kavu mpaka saa nne usiku, alipopanda mtumbwi wa kwanza kwenda kuokoa. Yote anayoyaandika kabla ya saa hiyo aliyasikia kwa abiria, na mwenyewe anakiri hivyo katika ukurasa wa kwanza. Yaliyofuata aliyaona kwa macho yake.

Kisa chenyewe, kama ripoti zote mbili zinavyokisimulia, ni hiki. Mashua iling'oa nanga Kilindoni jioni ya Alhamisi, 17 Oktoba, ikiwa na abiria na shehena ya nazi, mbata na samaki wakavu. Maji yalikuwa yameanza kutoka. Ilipokaribia mdomo wa mto ikapanda fungu la mchanga, ikakwama, ikalala ubavu. Maji yaliporudi, mawimbi yakaipigapiga, ubao mmoja wa chini ukaachia na maji yakaingia. Watu wakahamishiwa kwenye vyombo vya wavuvi, kalafati ikapigwa kwa dharura hapo hapo, na mashua ikaelea tena ikafika Nyamisati. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Baharia mmoja aliumia mguu. Ripoti ya pili inaongeza kuwa alichomwa na msumari mguu wa kushoto na akapelekwa zahanati asubuhi.

Sasa nianze na tofauti ambazo si tofauti, maana hizi ndizo zilizotugombanisha wiki hii pale gengeni.

Ripoti ya nahodha inahesabu saa kwa mtindo wa ofisini, 17:00, 20:30, 02:15. Ripoti ya Nyamisati inahesabu kama tunavyohesabu sisi. 17:00 ni saa kumi na moja jioni, nayo ripoti ya pili inasema saa kumi na moja. Kukwama, nahodha kaandika 20:30, yaani saa mbili na nusu usiku, na mwenzake anasema "saa tatu kasoro". Kufika, 02:15 ni saa nane na robo usiku, na ripoti ya pili inasema saa nane na robo. Baadhi yetu waliisoma 02:15 kuwa ni saa mbili na robo asubuhi, wakahesabu saa sita zilizopotea, wakauliza mashua ilikuwa imefichwa wapi saa zote hizo. Haikufichwa popote. Naomba neno hilo liishe, kwa sababu limekwisha kumfikia mke wa nahodha, naye hana kosa lolote katika jambo hili.

Tarehe nazo ni hivyo hivyo. Nahodha kaandika 17/10/2024. Ripoti ya pili inasema "usiku wa Ijumaa". Wazee wetu wakisema usiku wa Ijumaa wana maana usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ukutani ni Alhamisi usiku. Ni usiku ule ule mmoja.

Idadi ya watu inaonekana kuachana kwa watano, lakini haiachani hivyo. Nahodha anasema abiria 18. Ripoti ya pili inasema "watu 23 walioteremshwa". Nahodha anataja pia mabaharia 3 pamoja na yeye mwenyewe, kwa hiyo kwa hesabu yake chomboni walikuwa watu 22. Anabaki mmoja. Ripoti ya pili inamtaja mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, na nahodha hataji mtoto yeyote. Huenda mtoto ndiye huyo mmoja, lakini hilo ni langu, hakuna ripoti inayolisema. Orodha ya abiria ikiletwa tutajua.

Tukija kwenye tofauti za kweli, ya kwanza ni sababu ya kukwama. Nahodha anaandika kuwa mashine ilizima saa mbili na dakika kumi, chombo kikakosa nguvu na mkondo ukakisukuma mpaka funguni. Ripoti ya pili, kwa kuwanukuu abiria wawili, inasema mashine ilikuwa inanguruma wakati chombo kinapanda fungu, na kwamba nahodha alikatisha njia wakati maji yamepungua mno. Inasema pia kuwa mwandishi mwenyewe, alipofika, alisikia mashine ikiwaka na kuona pangaboi likichimba mchanga. Angalieni vizuri hapo. Alichokisikia yeye ni cha baada ya saa nne. Mashine iliyozima saa mbili inaweza kuwashwa tena saa nne, kwa hiyo ushahidi wa masikio yake hauyavunji maneno ya nahodha. Yanayoyapinga ni maneno ya abiria wale wawili peke yake.

Kuhusu maji hawabishani. Ilikuwa bamvua, na kila mtu wa pwani hii anajua kuwa bamvua kwetu maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne. Kuondoka saa kumi na moja jioni ni kufika mdomo wa mto maji yakiwa karibu na kikomo cha kupwa. Nahodha anasema alichelewa kwa sababu ya kupakia mizigo. Ripoti ya pili haielezi kwa nini alichelewa.

Mwanga wa usiku ule ni jambo jingine. Nahodha anaandika "giza na wingu zito". Ripoti ya pili inasema mbalamwezi iliwaka, waliiona mashua kwa mbali bila tochi. Mwezi ulikuwa mpevu siku ile, hilo halina shaka, na bamvua yenyewe ni dalili yake. Lakini mwezi mpevu hufunikwa na wingu, na wingu la saa mbili linaweza kuwa limepita saa nne. Naiacha hapo ilipo.

Vyombo vilivyookoa, nahodha kahesabu 2, ripoti ya pili 3. Nahodha anasema yeye ndiye aliyepiga simu kuomba msaada. Ripoti ya pili inasema simu ilitoka kwa abiria. Huenda zilipigwa simu mbili.

Jaketi za kuokolea zimenikosesha usingizi. Nahodha ameandika, nayanukuu maneno yake: "abiria wote walivaa jaketi tangu kuondoka hadi kuokolewa." Ripoti ya pili inasema jaketi zilizoonekana kwa watu waliopanda mitumbwi zilikuwa 9. Kwenye karatasi, mwandishi alikuwa ameandika kwanza 11, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika 9 juu yake na kuipigia mstari chini kwa kalamu ya bluu. Mtu aliyejisahihisha kwa namba ndogo namwona kama mtu aliyehesabu, lakini kila mwanachama apime mwenyewe. Mambo mengine nimewaonyesha namna yanavyoweza kupatana. Hili halipatani. Kama nahodha angesema walivaa wakati wa kuondoka tu, tungesema baadhi walizivua njiani. Kasema hadi kuokolewa. Katika maneno haya mawili, moja si kweli, na wana wetu wanapanda chombo hicho hicho kila mwezi.

Sasa mizigo yetu. Zote mbili zinasema nazi zilitupwa baharini. Nahodha anasema "takriban magunia 30", ripoti ya pili inasema magunia 26 yalihesabiwa kuwa yamepungua, na mengine 5 yaliokotwa yakielea. Ripoti haielezi kama hayo 5 yamo ndani ya 26 au ni mbali nayo. Yakiwa mbali nayo, jumla ni 31, na wamekaribiana sana. Nimeliandika hili kama swali la kuuliza.

Wakati wa kutupa ndipo wanapoachana. Kwa nahodha, nazi zilitupwa kabla ya kukwama, ili chombo kiwe chepesi mawimbi yalipozidi. Kwa ripoti ya pili, zilitupwa baada ya kukwama, mwandishi akiwa ameshafika, na anaandika kuwa yeye na wenzake walisaidia kuzipitisha. Jambo hili aliliona na kulishika kwa mikono yake, si la kusikia.

Ripoti ya pili pia inasema mashua ilipofunga gati Nyamisati bado ilikuwa na chuma chakavu, "rundo la kiasi cha kujaza kirikuu". Ripoti ya nahodha haitaji chuma popote. Najua mtakavyolipokea hili, maana hata mimi damu ilinichemka: nazi za kina mama zitupwe, chuma kibaki! Lakini nahodha hajasema chuma hakikuwepo. Amenyamaza, na kunyamaza si kukana. Inawezekana pia chuma kilikuwa chini kabisa ya shehena, pasipofikika usiku chombo kikiwa kimelala. Ripoti ya pili haisemi kilikuwa sehemu gani ya chombo.

Mbata na samaki wakavu waliofika wakiwa wamelowa, zote mbili zinawataja, lakini hakuna iliyotoa kiasi.

Kwa Jumamosi, napendekeza nahodha aitwe na aulizwe mambo manne kwa adabu: orodha ya abiria, idadi ya jaketi zilizomo chomboni, saa ambayo nazi zilitupwa, na chuma kilikuwa cha nani na kilikaa wapi. Katibu wa Nyamisati nimeshampigia, atakuwa kwenye simu kuanzia saa nne asubuhi, saa nne yetu. Ripoti zenyewe ziko kwangu dukani, ndani ya bahasha ya kaki. Anayetaka kuzisoma aje, ila zisitoke nje ya duka.