Malalamiko: intaneti kukatika kila jioni, akaunti JJ-20417

Walukuba, Jinja
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: LAINI YA FAIBA KUKATIKA JIONI, AKAUNTI JJ-20417

Tangu tarehe 2 mwezi huu laini yangu ya faiba imekatika mara tano, na mara zote ni baada ya saa moja na nusu usiku. Asubuhi haikatiki, mchana haikatiki. Nimewapigia simu mara nne, na kila mara nimeombwa nizime modemu, nisubiri, kisha niwashe. Nimefanya hivyo. Sasa naomba suala hili lifikishwe kwa mafundi wa mitambo yenu, kwa sababu yote niliyoyaona yanaonyesha kwamba hitilafu haimo ndani ya nyumba yangu.

Saa nimeziandika kwa mtindo wa saa 24, kama simu yangu inavyozionyesha, ili muweze kuzilinganisha na kumbukumbu zenu:

Jumanne 2 Septemba, 19:48 hadi 20:31.
Alhamisi 4 Septemba, 19:52 hadi 20:26. Hapa nilizima na kuwasha modemu mara mbili.
Jumapili 7 Septemba, 20:05 hadi 20:50.
Jumatatu 8 Septemba, 19:44 hadi 20:37. Sikugusa chochote, ilirudi yenyewe.
Jumatano 10 Septemba, 19:50 hadi 20:29. Sikugusa chochote.

Jumla ni dakika 214.

Kuhusu taa. Laini ikiwa nzima, Power na PON zinawaka kijani bila kupepesa, LOS imezimika, na Internet inapepesa kijani. Ikikatika, Power inabaki ilivyokuwa, PON inabaki kijani imetulia, LOS haiwaki kabisa, ila taa ya Internet inazimika. Tarehe 7 nilichuchumaa mbele ya modemu tangu 20:05 nikiitazama: kwa dakika zote 45 PON haikupepesa hata mara moja. Nina picha za taa hizo kwa kila siku niliyoitaja isipokuwa tarehe 2, maana siku hiyo nilidhani ni tatizo la kupita tu.

Nalisisitiza hili kwa kuwa kila ninapopiga simu naulizwa kama waya wa faiba umepinda au umekatika. Ungekatika, LOS ingewaka nyekundu na PON ingezimika. Pia ukurasa wa modemu unaonyesha nguvu ya mwanga inayopokelewa: tarehe 8 saa 15:00, laini ikiwa nzima, ilikuwa -21.4 dBm, siku hiyohiyo saa 20:00, laini ikiwa imekatika, ilikuwa -21.4 dBm vilevile. Mwanga unafika. Kisichopatikana ni kile kinachofuata baada yake: kwenye ukurasa huohuo, mstari wa WAN unabadilika kutoka Connected kuwa Connecting, na anwani ya IP inatoweka.

Vipimo vingine nimevifanya kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, waifai ikiwa imezimwa na simu zote za nyumbani zimeondolewa. Nilibadilisha waya wa LAN, nikahamia tundu lingine la LAN, na nikaazima adapta ya umeme yenye volti na ampea zilezile. Hakuna kilichobadilika. Jumatano niliendesha amri hii kuanzia 19:30:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Hadi 19:41 majibu yalikuwa yanarudi kwa milisekunde 24 hadi 30. Kuanzia 19:42 yakapanda hadi 400, kisha zaidi ya 900, mengine yakipotea njiani. Saa 19:50 ikawa hivi, mstari baada ya mstari:

```
Request timed out.
Request timed out.
```

Wakati huohuo, dirisha la pili lililokuwa likipima modemu yenyewe kwa 192.168.100.1 liliendelea kujibu chini ya milisekunde 1 bila kupoteza hata pakiti moja. Na kwa kuwa nilipima namba, si jina la tovuti, tatizo haliwezi kuwa DNS.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo mtu wa simu hawezi kuyaona akiwa ofisini. La kwanza: jirani yangu wa nyumba ya tatu, ambaye faiba yake inatoka kwenye nguzo ileile na ni mteja wenu pia, tarehe 8 na 10 alikatikiwa dakika zilezile nilizokatikiwa mimi. Tulipigiana simu tukalinganisha saa. La pili: Jumanne tarehe 9 umeme ulikatika mtaani kote tangu 19:30 hadi karibu 21:00. Modemu yangu ina betri ndogo ya akiba, na usiku huo, nyumba nyingi zikiwa gizani na modemu zao zimezimika, intaneti yangu ilikwenda vizuri, milisekunde 25 mwanzo hadi mwisho. Usiku mmoja hautoshi kuwa ushahidi kamili. Hata hivyo, nikiuweka pamoja na ule mpando wa kabla ya kukatika, napata mashaka kwamba kuna kiungo kinachozidiwa pale watu wote wanaporudi nyumbani na kufungua intaneti.

Fundi wenu alifika Ijumaa tarehe 5, saa 10:15 asubuhi. Alikuwa na adabu, akapima mwanga, akasafisha kichwa cha faiba, akasema laini ni nzima. Alisema kweli: saa hiyo ilikuwa nzima.

Nafundisha Kiswahili kwa watu wazima kwa njia ya video, saa moja na nusu hadi saa tatu usiku, kwa kuwa ndio muda wanaotoka kazini. Tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, wanaokuja kujifunza ni wauguzi, askari, wafanyabiashara wa mpakani. Jumatatu muuguzi mmoja mwenye haya nyingi alikuwa anasoma kwa sauti mbele ya wenzake kwa mara ya kwanza. Alifika kwenye “mgonjwa amepewa”, picha ikaganda. Niliporudi kwa bando la simu alikuwa ameshaondoka. Bando hizo kwa jioni tano zimenigharimu shilingi 25,000, juu ya shilingi 149,000 ninazowalipa kwa mwezi, na sijawahi kuchelewesha malipo hata siku moja.

Naomba mambo haya. Mafundi wa mitambo wakague kumbukumbu za akaunti JJ-20417 kwa saa nilizozitaja, waone ni nani aliyekata muunganisho na kwa sababu gani, na wapime mzigo wa kifaa kinachohudumia nguzo yetu kati ya 19:30 na 21:00. Kama fundi atahitajika kuja tena, aje saa 19:30, si asubuhi. Nitamwachia kiti mbele ya modemu na kompyuta ikiwa tayari. Pia naomba jioni hizo tano zipunguzwe kwenye ankara ya Oktoba.

Nitashukuru kupata jibu la maandishi kufikia Ijumaa tarehe 26 Septemba, kwa barua pepe mliyonayo kwenye akaunti yangu. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko haya, pamoja na picha na vipimo, kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Ningependa zaidi tuyamalize sisi wenyewe.

Nimeambatanisha picha nane za taa, picha mbili za ukurasa wa WAN, na faili la vipimo vya tarehe 9 na 10.

Wenu mteja,

Mwalimu Rehema
Akaunti JJ-20417