Andalio la Somo la Hisabati, Darasa la Sita B: Kurudisha Karatasi za Jaribio la Julai na Kufanyia Kazi Makosa Yaliyojirudia

Shule ya msingi, Manispaa ya Moshi. Jumanne, 12 Agosti 2025, vipindi viwili mfululizo, saa 2:20 hadi saa 3:40 asubuhi. Wanafunzi walioandikishwa ni 58, wasichana 31 na wavulana 27. Waliofanya jaribio ni 56.

Lengo la somo

Ifikapo mwisho wa vipindi hivi, kila mwanafunzi aweze kukokotoa kwa usahihi maswali yenye kujumlisha na kutoa kwa pamoja, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na kutafuta muda uliopita kati ya saa mbili. Zaidi ya hapo, aweze kulitazama jibu lake mwenyewe na kusema kama linawezekana au haliwezekani kabla hajakabidhi karatasi. Lengo hili la pili ndilo lililoniongoza katika kuchagua makosa ya kushughulikia, kwa sababu makosa matatu niliyoyateua yote hutoa majibu ambayo mwanafunzi angeweza kuyakataa kwa akili ya kawaida kama angeulizwa.

Hali ya darasa kama inavyoonekana katika karatasi

Wakati wa kusahihisha niliandika pembeni mwa daftari langu jibu lenyewe alilotoa mwanafunzi aliyekosa, badala ya kuweka alama ya kosa tu, na majibu yaleyale yalijirudia kiasi cha kuonyesha kwamba wengi hawakubahatisha bali walifuata njia.

Swali la 7 liliuliza 20 − 8 + 5. Wanafunzi 33 waliandika 7. Katika karatasi moja mwanafunzi ameandika kwa penseli 8 + 5 = 13, chini yake 20 − 13 = 7, na kando yake ameandika MAGAZIJUTO kwa herufi kubwa na kuipigia mstari. Mwanafunzi huyu amefuata herufi kwa utii kamili: JU imetangulia TO, kwa hiyo amejumlisha kwanza. Swali la 8, yaani 36 ÷ 4 × 3, lilifanywa vizuri na wanafunzi 44, nayo ni dalili hiyohiyo, kwa kuwa GA kutangulia ZI hakuleti madhara: ukigawanya kwanza kila mara, jibu hutoka sahihi. Tatizo liko katika JU na TO peke yake, na hakuna haja ya kuufumua utaratibu wote mbele ya darasa.

Swali la 12 liliuliza 2/5 + 1/3. Wanafunzi 25 waliandika 3/8, yaani walijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili.

Swali la 19 lilihusu gari lililoondoka stendi ya Moshi saa 2:45 asubuhi na kufika Arusha saa 4:20 asubuhi. Wanafunzi 28 walikosa kwa njia moja: walitoa kama desimali, wakakopa 100 badala ya 60. Baadhi wakaishia saa 1 na dakika 75, na wengine, walioona kwamba dakika 75 ni nyingi mno, wakazigeuza kuwa saa 2 na dakika 15.

Makosa ya kulinganisha desimali yalikuwapo pia, lakini ni ya wachache na mada hiyo inarudi wiki ijayo, kwa hiyo sitayagusa leo.

Vifaa

Karatasi zilizosahihishwa, zikiwa zimepangwa kwa safu za madawati ili zigawiwe haraka. Daftari la miraba kwa kila mwanafunzi. Penseli za rangi mbili kwa kila dawati. Robo karatasi 60 kwa zoezi la mwisho. Makosa nitayaandika ubaoni kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hakuna karatasi ya mwanafunzi itakayoonyeshwa darasani.

Utangulizi (dakika 8)

Karatasi zitabaki mezani kwangu hadi saa 3:20. Nitawaeleza wanafunzi mapema kwamba watazipata leo hii, ili wasikae na wasiwasi, lakini sitazigawa mwanzoni, kwa kuwa mwanafunzi aliyekwisha kuona alama zake huanza kuuliza jirani amepata ngapi na masikio yake hufungwa. Kwa sababu hiyohiyo sitasoma majina wala nafasi.

Kisha nitaandika ubaoni hesabu tatu zenye majibu: 20 − 8 + 5 = 7; 2/5 + 1/3 = 3/8; kutoka saa 2:45 hadi saa 4:20 ni saa 2 na dakika 15. Nitasema: «Majibu haya yametolewa na watu wengi waliofikiri. Kazi yenu ni kutafuta walifikiri nini.» Wanafunzi watajadiliana watatu watatu kama walivyokaa katika madawati, bila kuandika.

Kosa la kwanza: kujumlisha na kutoa (dakika 18)

Nitaanza na fedha. Una shilingi 2,000, unanunua daftari la shilingi 800, kisha mama anakuongezea shilingi 500. Wanafunzi watasema bila kukokotoa sana kwamba zimebaki 1,700. Nitaandika 2000 − 800 + 500 na kumwomba mwanafunzi mmoja aikokotoe kwa kujumlisha kwanza. Atapata 700. Nitauliza: «Ulikuwa na 1,200 baada ya kununua daftari. Mama amekuongezea, imekuwaje umebaki na pungufu?» Hapo nitanyamaza na kuwaacha wabishane, kwa kuwa mabishano haya ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko maelezo yangu, na nisiyakatishe kwa haraka ya kufika kwenye kanuni.

Baada ya hapo tutaandika pamoja kanuni katika maneno yao, ikisema kwamba kujumlisha na kutoa viko ngazi moja, na kwamba kinachofanywa kwanza ni kile kinachokutwa kwanza ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Wataendelea kutumia MAGAZIJUTO kama walivyoizoea, ila wataweka mstari mmoja chini ya JUTO nzima katika madaftari yao kuonyesha kwamba ni ngazi moja. Mwanafunzi akiuliza kama GAZI nayo ni ngazi moja, jibu ni ndiyo, na nitamwonyesha haraka, asipouliza, sitalianzisha. Watafanya 50 − 20 + 10 na 15 − 9 + 4 − 2, majibu yakiwa 40 na 8.

Kosa la pili: kujumlisha sehemu (dakika 22)

Hili limepewa muda mrefu kuliko mengine kwa sababu ndilo lenye mizizi. Kabla ya kuchora chochote, nitauliza ipi kubwa kati ya 2/5 na 3/8. Tukizigeuza zote ziwe na asili 40, 2/5 inakuwa 16/40 na 3/8 inakuwa 15/40. Kwa hiyo aliyekuwa na 2/5 akaongezewa 1/3 ameishia na kidogo kuliko alichoanza nacho. Darasa litaona kwamba ni jambo lilelile la mama na shilingi mia tano.

Kila mwanafunzi atachora katika daftari la miraba mstatili wenye safu 3 na miraba 5 kila safu, jumla miraba 15. Atapaka rangi ya kwanza 2/5, yaani nguzo 2 kati ya 5, ambazo ni miraba 6. Kisha atatafuta 1/3 ya mstatili uleule, ambayo ni safu nzima yenye miraba 5. Lakini kwa kuwa miraba 2 ya safu hiyo imekwisha kupakwa, atahamishia rangi ya pili katika miraba mingine 2 iliyo wazi. Nitapita madawatini hasa wakati huu, maana wengi watapaka juu ya rangi ya kwanza na kuhesabu 9. Miraba yenye rangi ikishafika 11, wataandika 6/15 + 5/15 = 11/15, na ndipo nitakapoliunganisha na kanuni ya kigawe kidogo cha shirika wanayoijua.

Nimejiandaa kwa swali moja gumu. Juu ya karatasi zao nimeandika Sehemu A 14/20, Sehemu B 18/30, jumla 32/50, na mwanafunzi makini anaweza kuuliza mbona mwalimu mwenyewe anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Likiulizwa, nitalipongeza na kueleza kwamba pale tunahesabu alama: 14 na 18 ni alama zilizopatikana, 20 na 30 ni alama zilizowekwa, na kila sehemu ya jaribio ni kitu kizima tofauti. Katika 2/5 + 1/3 tunazungumzia vipande vya kitu kizima kimoja, kama mstatili waliouchora. Lisipoulizwa, nitaliuliza mimi baada ya kugawa karatasi, kwa wale watakaomaliza mapema.

Kosa la tatu: muda (dakika 12)

Nitachora mstari wa muda: kutoka 2:45 hadi 3:00 ni dakika 15, kutoka 3:00 hadi 4:00 ni dakika 60, kutoka 4:00 hadi 4:20 ni dakika 20. Jumla dakika 95, yaani saa 1 na dakika 35. Nitauliza gari lingefika saa ngapi kama lingetumia saa 2 kamili. Watasema 4:45, na hapo jibu la saa 2 na dakika 15 linaanguka lenyewe. Kisha njia ya wima: saa 4 na dakika 20 ni sawa na saa 3 na dakika 80, ukitoa saa 2 na dakika 45 inabaki saa 1 na dakika 35.

Kurudisha karatasi na masahihisho (dakika 13)

Viongozi wa safu watagawa karatasi zikiwa zimekunjwa, alama zikiwa ndani. Kwa kila swali alilokosa kati ya 7, 12 na 19, mwanafunzi ataandika mstari mmoja wa alichokuwa amefikiri, kisha ataikokotoa upya. Kunakili jibu kutoka ubaoni hakutahesabiwa kuwa masahihisho, na ubao utakuwa umefutwa. Waliopata yote matatu watatunga swali moja moja ambalo mtu asiye makini angenaswa nalo, pamoja na jibu sahihi na jibu la mtego. Mwanafunzi mwenye kudai nimemsahihisha vibaya ataacha karatasi yake mezani nami nitaipitia wakati wa mapumziko.

Tathmini (dakika 7)

Katika robo karatasi, kila mmoja kivyake: 30 − 12 + 6 − 4, 1/4 + 2/3, na muda kutoka saa 5:50 asubuhi hadi saa 8:15 mchana. Majibu sahihi ni 20, 11/12, na saa 2 na dakika 25. Majibu ya kosa la zamani yangekuwa 8, 3/7, na saa 2 na dakika 65 au saa 3 na dakika 5, kwa hiyo nikipitia robo karatasi hizi nitatambua mara moja nani bado yuko kwenye njia ileile na nani amekosea kwa sababu nyingine, kama vile haraka.

Watakaorudia kosa la sehemu watakaa nami kwa dakika 20 Alhamisi baada ya vipindi, pamoja na wanafunzi 2 ambao hawakufanya jaribio. Maswali ya mtego yaliyotungwa na wenzao nitayachuja, na matatu kati yake yatakuwa zoezi la kufungulia kipindi cha Jumatatu, 18 Agosti.