Maelezo ya Shahidi: Upungufu wa Sangara, Zamu ya Usiku

Mimi ni karani wa mizani, mapokezi ya samaki, kiwandani hapa Ilemela.

Saa 4:10 usiku gari liliingia kutoka mwaloni. Nilipima kreti 42 za sangara, kilo 1,260; dereva akasaini.

Saa 4:50 msimamizi wa zamu aliniagiza nikachukue stakabadhi ofisini. Niliporudi, saa 5:05, mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wazi, maji ya barafu yakichuruzika hadi ngazi za nyuma. Nilihesabu upya: kreti 36. Nilimweleza papo hapo, akajibu, “Acha, tutarekebisha asubuhi.” Aliyezitoa sikumwona.

Saa 12 asubuhi nilikabidhi daftari bila kubadilisha namba.

Naomba mlinzi wa geti la nyuma ahojiwe, vibarua wasije wakabebeshwa mzigo usio wao.