Je, ni kosa kutia neno kati ya "to" na kitenzi? Maswali na majibu

Maswali haya yalitoka kwa wanafunzi wangu wa Kiingereza wa kidato cha 6, Morogoro, tulipokuwa tukisahihisha insha. Nimeyaandika pamoja na majibu yangu kwa sababu wanaokuja nyuma yao watauliza yaleyale.

Shikamoo mwalimu. Niliandika "to quickly finish" na nikakatwa kwa wino mwekundu. Kosa langu ni nini?

Marahaba, mwanangu. Kisarufi huna kosa. Umeweka kielezi "quickly" kati ya "to" na kitenzi "finish", na Waingereza wameandika hivyo kwa karne nyingi. Aliyekukata alifundishwa kuwa hairuhusiwi, kama nilivyofundishwa mimi, nami nikawakatia wengine miaka mingi kabla ya kwenda kutafuta katazo hilo limetoka wapi. Hadi leo linaniuma.

Kwani limetoka wapi?

Halina umri mkubwa. Lilianza kusikika Marekani na Uingereza katika karne ya 19. Aliyelieneza zaidi ni Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, katika kitabu chake cha mwaka 1864 kuhusu Kiingereza sahihi. Hoja yake ilikuwa kwamba "to" ni sehemu ya kitenzi na haitenganishwi nacho, na kwamba wasemaji na waandishi wa Kiingereza hawakuijua kabisa desturi ya kuvitenganisha.

Hili la pili si kweli. Katika karne ya 14, wafuasi wa John Wycliffe walipotafsiri Biblia kwa Kiingereza, kwenye Warumi 14:21 waliandika "to not", mahali ambapo sisi tunasoma "kutokula nyama". Shakespeare naye aliandika "to pitied be" katika soneti yake ya 142. Ni kweli kwamba baada ya hapo desturi ilififia kwa muda mrefu, ikarudi kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 18. Huenda ndiyo sababu Alford aliiona kama kitu kigeni.

Mjomba wangu anasema sababu ni Kilatini.

Maelezo hayo yameenea sana. Kilatini husema "amare", kupenda, neno moja, hivyo hakuna pa kupasua. Lakini Alford mwenyewe hakutegemea Kilatini. Na hata angekitegemea, sarufi ya lugha moja haiamui ya nyingine.

Lakini mwalimu, hata Kiswahili hatupasui! Huwezi kusema "ku haraka maliza".

Swali hili nililipenda kuliko yote. Kweli, "ku-" yetu ni kiambishi, imeshikamana na kitenzi. Ndiyo maana katazo hili hutuingia kirahisi: tunaiona "to" kama "ku-". Sasa zitazame kwa makini. Sisi husema "kusoma na kuandika", tukirudia "ku-". Mwingereza husema "to read and write", "to" moja kwa vitenzi viwili. Kiambishi hakiwezi kufanya hivyo. Neno linalojitegemea linaweza. Hapo hoja ya Alford inaanguka.

Tena sisi wenyewe tunapasua, ila kwa viambishi: ku-to-soma, ku-m-penda, ku-to-m-penda. Hakuna anayelalamika.

Je, mahali pa kielezi panabadilisha maana?

Sana, na hapa ndipo katazo linapoleta hasara. Linganisha "She failed completely to understand" na "She failed to completely understand". Ya kwanza: alishindwa kabisa kuelewa. Ya pili: alishindwa kuelewa kikamilifu, yaani kuna alichoambulia. Ukikataza ya pili, umemnyang'anya mwandishi maana anayoitaka. Kuna na sentensi zisizo na njia nyingine, kama "Prices are expected to more than double". Jaribu kuihamisha "more than" uone.

Wataalamu wa Kiingereza wanasemaje?

Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliona ni heri kupasua kuliko kuandika sentensi tata au iliyopindwa kwa hofu. Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia, alikuwa amekwisha kulitetea jambo hili magazetini miaka ya 1890.

Kwenye mtihani nifanyeje?

Humjui atakayesahihisha. Kama kielezi kinakaa vizuri mwishoni na maana haibadiliki, kiweke huko: "to finish quickly" ni nzuri, tena nyepesi kuliko ile uliyokatwa. Kama kukihamisha kunaharibu maana, kiache katikati. Na msahihishaji akiwa ni mimi, leta karatasi yako ya zamani nikurudishie alama.