Fomu ya Kutathminiana Kikundini: Mradi wa Kiswahili Mpakani Busia

Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu, somo la Kiswahili

Kila mmoja ajaze peke yake. Majibu yaandikwe kwenye karatasi mbili zilizobanwa nyuma ya fomu, kwa namba za maswali. Usitaje majina: tumia herufi A hadi E kama zilivyo kwenye orodha ya vikundi iliyobandikwa mlangoni mwa chumba cha semina. Herufi yako mwenyewe iandike juu kabisa. Tia karatasi ndani ya bahasha, ifunge, uilete ofisini kwangu Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Wenzako hawataona ulichoandika. Wataona alama zao za mwisho tu.

Neno moja kabla hujaanza. Fomu ya mwaka jana ilikuwa na swali moja: "Mwenzako alichangia kwa kiasi gani, 1 hadi 5?" Karibu vikundi vyote vilipeana 5 kwa 5, kama watu wanaopokezana sahani ya karanga. Kikundi kimoja kilichothubutu kutofautisha kilimpa alama za juu kabisa mcheshi wao, na za chini yule mkimya ambaye, nilipofungua mafaili, nilikuta ndiye aliyenukuu zaidi ya nusu ya rekodi. Kosa lilikuwa la swali, na swali nililitunga mimi. Kwa hiyo safari hii sikuulizi unamwonaje mwenzako. Nakuuliza ulimwona akifanya nini.

SEHEMU YA KWANZA: WEWE MWENYEWE

Sehemu hii haina alama. Naisoma kwanza ili nijue ulikuwa umesimama wapi ulipokuwa ukiwatazama wenzako.

1. Taja mambo mawili uliyofanya wewe na ambayo leo yanaonekana katika kazi ya kikundi. Andika ukurasa wa ripoti, namba ya rekodi au sehemu ya wasilisho.

2. Taja jambo moja uliloahidi kulifanya ukashindwa, au ukalichelewesha. Nani alilimalizia? Ukijibu "hakuna", angalia tena kumbukumbu za mkutano wenu wa kwanza.

SEHEMU YA PILI: WENZAKO WANNE, MMOJA MMOJA

Jibu swali la 3 kwa wote wanne, kisha la 4 kwa wote wanne, na kuendelea hivyo. Usimmalize mtu mmoja ndipo uende kwa mwingine. Ukimkasirikia kwenye swali la 3, hasira hiyo itamfuata mpaka la 8.

Kila jibu ni 0, 1, 2 au 3 kwa maelezo yaliyotolewa chini ya swali. Kama jambo hukuliona kwa macho yako, andika "Sikuona". Jibu hilo haliingii kwenye hesabu na halimpunguzii mtu chochote. Usiandike 2 kwa sababu hujui.

3. Kazi aliyopewa katika mgao wa mkutano wa kwanza aliifikisha wapi?
0: hakuikabidhi, au ilifanywa na mwingine.
1: aliikabidhi nusu, au baada ya kukumbushwa zaidi ya mara mbili.
2: aliikabidhi yote, ikiwa imechelewa kidogo lakini bila kumkwamisha mtu.
3: aliikabidhi yote kwa wakati mliokubaliana.
Kama mgao ulibadilishwa katikati ya safari, pima kwa mgao mpya.

4. Unukuzi wa rekodi alizopewa ulikuwaje ulipofika mikononi mwa anayefuata?
Swali hili lisome taratibu, maana hapa ndipo jasho lenu lilipomwagika. Saa moja ya mazungumzo ya sokoni, kelele za boda na redio zikiwemo, hula saa nne au zaidi za kuandika. Kila kikundi kilikuwa na rekodi 20. Mtu anaweza kuonekana amemaliza kumbe amerusha kila sentensi ngumu, na anayekuja nyuma yake ndiye anayelipa.
0: hakunukuu, au ilibidi rekodi isikilizwe upya kuanzia mwanzo.
1: alinukuu, lakini sehemu ndefu ziliachwa, au maneno ya Kisamia na Kiluganda aliyageuza Kiswahili bila kuonyesha alama.
2: unukuzi ulitumika baada ya kurekebishwa hapa na pale.
3: unukuzi ulitumika kama ulivyo; palipokuwa hapasikiki aliandika "haisikiki" na dakika yake, na maneno ya lugha nyingine aliyaacha kama yalivyosemwa.
Kwa kila 0, 1 au 3 utakayotoa hapa, taja namba ya rekodi moja. "Ni mvivu" si ushahidi. "Rekodi ya 14 ina dakika kumi na moja, alinukuu tatu za mwanzo" ni ushahidi. "Anajituma sana" nayo haitoshi. "Kwenye rekodi ya 6, yule mama wa samaki anasema bei kwa Kisamia kisha anarudia kwa Kiswahili kwa mteja wa upande wa Kenya, yeye ndiye aliyeligundua hilo na likaja kuwa mfano wetu mkuu" inatosha kabisa.

5. Siku mbili za Busia alifanya nini mbele yako?
0: hakufika pale mlipopatana, wala hakutoa taarifa.
1: alifika, lakini hakuchukua jukumu lolote: kuomba ridhaa, kuuliza, kurekodi wala kuandika.
2: alifanya jukumu lake.
3: alifanya jukumu lake, na palipotokea kizingiti alisaidia kukivuka. Mfano, mbadilisha fedha aliposhuku kwamba nyinyi ni watu wa kodi, yeye ndiye aliyetulia, akaonyesha barua ya chuo na kueleza vizuri.
Angalizo: wepesi wa Kiswahili si mchango. Aliyekulia Mombasa atazungumza kwa ulaini kuliko aliyeanza Kiswahili kidato cha kwanza kule Mbarara, na hilo hakulifanyia kazi katika wiki hizi sita. Pima alichofanya kwa Kiswahili alicho nacho. Nauli nayo si mchango. Kama mwenzenu alichangia pesa kidogo, au mlimlipia taksi, lisiguse alama yake.

6. Alipokwama au kuchelewa, alisema?
0: alinyamaza mpaka tarehe ikapita.
1: alisema baada ya kutafutwa.
2: alisema mwenyewe, ila muda wa kurekebisha ulikuwa umekwisha.
3: alisema mapema, au hakukwama.
Kimya cha kwenye kundi la watsapu peke yake hakihesabiki. Bando huisha na umeme hukatika. Jiulize kama kulikuwa na njia nyingine aliyoweza kuitumia, kama kupiga simu au kumtuma mwenzake wa bwenini.

7. Je, alifanya kazi ambayo haina jina lake popote? Kupanga mafaili yote 20 kwa namba, kusoma ripoti nzima kabla ya kuchapishwa, kumfundisha mwenzake kutumia kinasa sauti, kumtafuta aliyepotea.
0: hapana, na alipoombwa alikataa.
1: hapana, lakini hakuombwa.
2: ndiyo, alipoombwa.
3: ndiyo, bila kuombwa.
Taja kazi hiyo. Kuwanunulia wenzake chai na rolekisi ni ukarimu, lakini si jibu la swali hili.

8. Mlipotofautiana kuhusu maana ya data, alifanyaje? Najua karibu kila kikundi kilibishana kama Kiswahili cha sokoni ni "kibovu" au ni lugha ya biashara yenye taratibu zake.
0: aliwakatiza wenzake au kuwadharau.
1: alikaa pembeni, hakutoa hoja.
2: alitoa hoja yake na kuwasikiliza wengine.
3: alitoa hoja kwa mfano kutoka kwenye rekodi, au alibadili msimamo alipoonyeshwa mfano.
Kukubaliana na wewe si sababu ya kumpa 3.

SEHEMU YA TATU: ALAMA 100

9. Una alama 100. Wagawie wenzako wanne, wewe usijihesabu, kulingana na sehemu ya kazi aliyobeba kila mmoja. Lazima jumla iwe 100 kamili. Ukimpa mtu chini ya 15 au zaidi ya 35, eleza kwa sentensi mbili. Ukiwapa wote 25, eleza pia: usawa unaweza kuwa wa kweli, lakini nao unahitaji kusemewa.

Alama hizi haziingii kwenye hesabu. Nazitumia kulinganisha na sehemu ya pili. Mtu uliyempa 3 kila mahali akipata 12 hapa, nitakuita tuzungumze.

SEHEMU YA NNE: YASIYOONEKANA

10. Kuna mwenzako aliyepungukiwa kwa sababu isiyokuwa mikononi mwake, kama ugonjwa, msiba au mtoto wa kulea? Andika herufi yake tu na neno "nimwone". Habari zake zenyewe usizieleze, ni zake.

11. Kuna mtu alikuomba umpe alama fulani, au mlipatana kupeana? Jibu ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, karatasi yako nitaisoma pamoja na kumbukumbu za mikutano kabla ya kuhesabu.

JINSI ALAMA INAVYOPATIKANA

Wastani wako ni wastani wa majibu yote ya maswali ya 3 hadi 8 uliyopewa na wenzako wanne. Wastani wa kikundi ni wastani wa wastani zenu watano.

```
alama yako = alama ya kikundi × (wastani wako ÷ wastani wa kikundi)
```

Tuseme ripoti na wasilisho vimepata 68. C amepewa 2.2, 2.0, 2.4 na 2.2, hivyo wastani wake ni 2.2. Wastani wa kikundi ni 2.5. Gawanya 2.2 kwa 2.5 upate 0.88, zidisha kwa 68 upate 59.84, yaani 60. Kipimo hicho sikiruhusu kushuka chini ya 0.8 wala kupanda juu ya 1.1, ili mtu mmoja mwenye kinyongo asimzamishe mwenzake na marafiki wawili wasimpandishe mtu mawinguni. Aliyekuwa chini ya 0.8 kwa haki, yaani wenzake wote wanne wamekubaliana na ushahidi upo, nitamwita yeye mwenyewe kabla ya kuandika chochote.

Asiyerudisha bahasha yake hapotezi alama alizopewa na wenzake, ila haongezewi juu ya 1.0.

Alama zitabandikwa Jumatano inayofuata, kwa namba za usajili. Ukiona umeonewa, njoo kabla ya Ijumaa yake ukiwa na kitu mkononi: daftari lako la uwandani, faili la unukuzi lenye tarehe, au kumbukumbu za mkutano. Tutakifungua pamoja mezani.