Kumbukumbu za Kikao cha Kuhamisha Orodha ya Wanachama wa Maktaba

Jumanne, 14 Mei 2024, saa 4:00 hadi 4:40 asubuhi, kwa simu ya video

Waliohudhuria: Zawadi (Mwenyekiti), Hamisi (mkutubi mkuu), Rehema (mtunza orodha ya wanachama), Baraka (fundi wa mfumo), Neema (Katibu).
Udhuru: Salma (Mweka Hazina).

Maelezo ya Katibu

Kikao hakikurekodiwa. Nimeandika kutokana na picha ya skrini ya manukuu niliyoipiga kabla simu haijakatwa. Picha inaanzia ajenda ya 2. Ya kabla ya hapo yametoka kwenye daftari langu.

Nimeondoa "eee", "yaani", "mnanisikia?" na maneno yaliyorudiwa. "Labda" na "nikipata nafasi" nimeyaacha, kwa sababu anayesema "labda nitapiga simu" hajaahidi kupiga.

Rehema na Baraka walitumia kompyuta moja, hivyo manukuu yameweka jina la Rehema kwa wote wawili. Mistari hii miwili, kwa mfano:

Rehema: eee sasa zile sifuri yaani zimeliwa zote mnaona
Rehema: sawa dada Rehema hiyo niachie yaani nitaiweka sawa mimi

Mtu hajiiti dada mwenyewe. Mstari wa pili ni wa Baraka, naye amethibitisha nilipomuuliza baada ya kikao. Kazi hiyo imeandikwa kwa jina lake.

1. Kufungua kikao

Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:00. Kumbukumbu za kikao kilichopita zilikubaliwa bila marekebisho.

2. Hali ya orodha

Rehema alieleza kwamba orodha ina wanachama 1,240 na ameitoa kama faili la CSV. Faili lilipofunguliwa kwenye programu ya majedwali, namba za simu zilisomwa kama hesabu na sifuri ya mwanzo ikaondolewa: namba za tarakimu 10 zikabaki na tarakimu 9. Alipolihifadhi, faili likabaki hivyo.

Hamisi aliuliza kama kubadilisha safu kuwa maandishi kutarudisha sifuri. Baraka alijibu kuwa hakurudishi kilichokwisha kupotea. Safu hutakiwa kutajwa kuwa maandishi wakati wa kuingiza faili. Rehema bado ana faili la awali ambalo halijafunguliwa. Ilikubaliwa kazi ianze upya kwa faili hilo, na lile lililoharibika lisitumike.

Tarehe za kujiunga zilichukua muda mrefu zaidi. Hamisi alitoa mfano wa 03/04/2019: waandikaji wawili waliopokezana orodha walikuwa na mazoea tofauti, kwa hiyo inaweza kuwa 3 Aprili au 4 Machi. Baraka alisema penye namba inayozidi 12 mwezi hujulikana wenyewe, lakini zilizobaki haziwezi kuamuliwa na kompyuta. Rehema alipendekeza zote zichukuliwe kuwa siku kwanza. Hamisi alikataa, akisema ada ya mwaka huhesabiwa kuanzia tarehe ya kujiunga na mwanachama asidaiwe kabla ya wakati kwa sababu ya kubahatisha kwetu.

Uamuzi: tarehe zenye utata zilinganishwe na kadi za karatasi. Kwenye mfumo mpya tarehe zote ziandikwe mwaka, mwezi, siku: 2019-04-03.

3. Nakala za akiba

Ilikubaliwa ziwepo nakala tatu kabla ya kuhamisha, moja ikae nje ya jengo. Manukuu yanasomeka "na kala za kiba", nimesahihisha.

4. Kuwaarifu wanachama

Mwenyekiti alisema "tutawaandikia". Hakuna aliyejitaja wala aliyetajwa, na mimi sina mamlaka ya kumgawia mtu kazi kwa kalamu. Hamisi alisema "labda nitapiga simu kwa wale wazee wasiotumia ujumbe". Yote mawili yanabaki wazi hadi kikao kijacho.

Kazi zilizokubaliwa

Rehema: kumpa Baraka faili la awali, leo Jumanne.
Baraka: kuliingiza upya, safu ya simu ikiwa maandishi, na kutenga tarehe zenye utata, hadi Alhamisi 16 Mei.
Hamisi: kulinganisha tarehe hizo na kadi, hadi Jumatano 22 Mei. Aliomba Rehema amsaidie. Rehema alikubali kwa siku ya Jumatatu pekee.
Baraka: kutengeneza nakala tatu na kumkabidhi Mwenyekiti ile ya kukaa nje, Alhamisi 23 Mei.

Mstari wa mwisho kwenye picha umekatika: "basi hiyo ya nywila nita". Jina la msemaji halionekani. Aliyesema hivyo aniandikie kabla ya kesho saa 6:00 mchana ili niiongeze kazi yake hapa.

Kikao kijacho: Ijumaa, 24 Mei 2024, saa 4:00 asubuhi. Baraka ataingia kwa kompyuta yake.

Neema, Katibu