Hotuba ya Ufunguzi wa Siku ya Mafumbo

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, Makamu Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi wetu mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na ninyi wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne mliokuja mikono mitupu, bila daftari wala kikokotoo, kama tulivyowaomba: habari za asubuhi.

Nimepewa dakika kumi. Mkuu wa Shule ananifahamu vizuri, ndiyo maana ameivua saa yake na kuiweka mezani.

Naomba nianze kwa kuungama kosa. Miaka sita iliyopita, katika klabu yetu ya hisabati, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikuwa akihangaika na fumbo ambalo wengi wenu mmelisikia kwa bibi zenu. Mtu anataka kuvuka mto akiwa na chui, mbuzi na mzigo wa majani, na mtumbwi wake hauwezi kubeba zaidi ya yeye mwenyewe na kimoja kati ya hivyo vitatu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Binti yule alikuwa amepanga vizibo vitatu vya soda juu ya dawati, na rula ndiyo iliyokuwa mto. Alimvusha mbuzi kwanza, kama ilivyo lazima. Akarudi, akamchukua chui, akafika naye ng'ambo, akaona kwamba hawezi kumwacha pale. Akaifuta hatua hiyo, akachukua majani, akakuta taabu ni ile ile. Akaanza upya. Nilisimama nyuma yake kwa muda wa dakika kumi hivi nikimtazama akisukuma vile vizibo kwenda na kurudi, mara ya nne, mara ya tano, na mara ya sita alikiacha kidole juu ya kizibo cha mbuzi bila kukisogeza. Hapo nikashindwa kujizuia. Nilinyoosha mkono, nikakirudisha kile kizibo upande wa kwanza wa rula, nikasema, "Rudi naye."

Alinitazama, akavitazama vizibo, kisha akasema kwa adabu, "Ahsante, Mwalimu. Nilikuwa nakaribia." Akavikusanya, akavitia mfukoni. Wiki iliyofuata alikuja klabuni kama kawaida, lakini fumbo lile hakuligusa tena, na angelirudia kwa sababu gani, ilhali halikuwa lake tena? Mimi nilikuwa nimelijua jibu tangu utotoni, sikuhitaji kulipata mara ya pili. Yeye ndiye aliyelihitaji, nami nilimnyang'anya huku nikijiona nimemsaidia.

Tazameni sasa ni kitu gani hasa kilichokuwa kimemkwamisha. Si ugumu wa hesabu, maana humo hamna hesabu yoyote ya kuandika. Alikuwa ameshika sharti ambalo hakuna aliyempa, kwamba kilichokwisha kuvuka hakirudi. Fumbo halisemi hivyo. Ni sisi wenyewe tunaoliongeza, kwa kuwa mtu aliye safarini huona kurudi nyuma ni hasara. Na sharti la namna hiyo halionekani mpaka ukwame. Yule anayepita moja kwa moja hajui kamwe kwamba alikuwa nalo. Anayekwama analigonga kwa paji la uso, na akiwa mvumilivu ataanza kulipapasa ili ajue ni ukuta wa nini. Kile kidole kilichotulia juu ya kizibo cha mbuzi kilikuwa kinapapasa ukuta.

Fumbo hili, wanafunzi, si la bibi zetu peke yao. Limo katika mkusanyiko wa Kilatini wa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, unaohusishwa na mwalimu mmoja aliyeitwa Alcuin wa York, ambako badala ya chui yupo mbwa mwitu na badala ya majani ipo kabichi. Mkusanyiko huo ulikusudiwa kuzinoa akili za vijana, na neno hilo la kunoa linanipendeza, kwa sababu kisu hakinolewi kwenye siagi.

Wazee wetu walilielewa jambo hili vizuri kuliko tunavyolielewa shuleni. Katika vitendawili, aliyeshindwa hasemi amefeli. Mtegaji anasema, "Nipe mji," naye anapewa mji: Unguja, Bagamoyo, au wowote ule. Mtegaji huusafiria mji huo kwa maneno, hula na kunywa huko, na hapo ndipo hulitoa jibu. Kwa hiyo kulijua jibu bila kulifumbua kuna bei, na bei yenyewe ni mji mzima. Nakumbuka pia kwamba tulipokuwa watoto, aliyetoa mji haraka alizomewa kuliko aliyejibu vibaya mara tatu. Mwenye jibu baya walau alikuwa anatafuta.

Darasani tumekuzoesheni vingine, na sina budi kulikiri hilo mbele ya walimu wenzangu. Katika mtihani, swali likikukwamisha unaliruka uende kwa lingine, kwa sababu saa inakwenda na alama zinahesabiwa, na ushauri huo nitaendelea kuwapa kila mwezi wa Novemba. Ubaya ni kwamba mazoea ya chumba cha mtihani yamehamia katika kila kitu. Mwanafunzi analisoma swali, haoni njia ndani ya dakika mbili, anahitimisha kwamba hesabu si fungu lake. Dakika mbili! Bwana Ernő Rubik wa Budapest alipokitengeneza mwaka 1974 kile kimchemraba cha rangi ambacho mtakikuta kwenye meza ya tisa, alikizungusha mara chache, rangi zikavurugika, na ilimchukua zaidi ya mwezi mmoja kuzirudisha mahali pake. Yeye ndiye aliyekibuni kwa mikono yake mwenyewe. Leo basi hakuna alama, hakuna nafasi ya kwanza wala ya mwisho, na wale wa kidato cha nne walioniuliza kama haya "yatatoka" nawajibu kwamba hayatatoka.

Sitaki lakini mdhani kwamba kufurahia kukwama ni kukaa mkiwa mmeshika tama. Aliyekwama ana kazi nyingi za kufanya. Akiwa na fumbo la watu mia moja wanaopeana mikono, na ajaribu kwanza watu watatu, kisha wanne, aone namba zinavyokua. Akiwa na fumbo la safari, na alicheze kwa vizibo, kwa kuwa mara nyingi mkono hugundua jambo kabla ya kichwa. Kuna dawa moja ambayo mimi naiamini kuliko zote, nayo ni kumweleza mwenzako kwa sauti, pole pole, ni wapi hasa ulipokwama. Si jibu mnalolitafuta pamoja. Unamweleza tu mahali penyewe. Wengi hawaimalizi sentensi. Wanafika katikati, wananyamaza, wanakimbilia meza yao. Na pengine dawa ni kuliacha fumbo ukanywe uji, ukijua kwamba utalirudia.

Ipo namna nyingine ya kukwama, na hii ndiyo inayonifurahisha mimi binafsi. Mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, ulikuwa na madaraja saba yaliyounganisha kingo mbili za mto na visiwa viwili. Watu walijiuliza kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu, asilirudie hata moja. Kila aliyejaribu alikwama. Mwaka 1735 mwanahisabati Leonhard Euler alikuja na jibu, nalo lilikuwa hili: haiwezekani. Hakusema ameshindwa, alionyesha kwa nini hakuna atakayeweza. Ukipita mahali, unaingia kwa daraja moja na kutoka kwa lingine, kwa hiyo madaraja ya mahali hapo hutumika mawili mawili, isipokuwa pale unapoanzia na pale unapomalizia. Mahali penye idadi witiri ya madaraja lazima pawe mwanzo au mwisho wa safari. Königsberg palikuwa na sehemu nne za nchi kavu, moja ikiwa na madaraja matano na tatu zikiwa na matatu matatu. Zote nne ni witiri, na safari moja haiwezi kuwa na miisho minne. Kule kukwama kwa watu wa mji mzima kulikuwa ni habari ya kweli kuhusu madaraja yao, ila hakuna aliyeisoma.

Nawaeleza haya kwa sababu maalumu. Katika meza kumi na mbili zilizopangwa bwaloni, fumbo moja halina ufumbuzi. Sitasema ni lipi. Huenda ni lile la ubao wa drafti uliokatwa pembe mbili zinazokabiliana, ambao mnatakiwa kuufunika wote kwa vipande vya dhumna; huenda ni ile bahasha ya kuchora bila kuinua kalamu; huenda ni lingine kabisa. Atakayelishuku fumbo asije kuniambia tu, "Mwalimu, hili haliwezekani." Nitamwuliza, "Umejuaje?" na swali hilo litamrudisha mezani kwake.

Sasa niwageukie wazazi na walimu, kwa maana ninyi ndio hatari ya leo. Babu yangu alikuwa mchezaji wa bao, na barazani kwake mtazamaji aliyenyoosha kidole kuonyesha kete ya kucheza aliondolewa kwenye mkeka, hata kama alikuwa mzee kuliko wote. Sheria hiyo itatumika hapa. Mkimwona mtoto amekunja uso, msimhurumie. Mkishindwa kabisa kuvumilia, mwulizeni amejaribu nini mpaka sasa, kisha mwondoke kabla hajamaliza kujibu. Mwalimu wa Fizikia ameahidi kunisimamia mimi.

Utaratibu ni huu. Mtakaa wawili wawili, na kila jozi itachagua meza yoyote na kukaa hapo kwa muda wowote inaoutaka. Jozi itakayoshinda na fumbo moja tangu sasa hadi jioni haitakuwa imepoteza siku. Vizibo, njiti na karatasi chakavu vimo kwenye maboksi karibu na mlango. Uji utakuwa tayari saa nne, chakula saa saba. Majibu hayatabandikwa popote leo. Anayelitaka jibu ataniletea Jumatatu karatasi ya namna alivyokwama, walau ukurasa mmoja, na huo ndio mji nitakaoupokea.

Binti niliyemtaja amekwisha kumaliza shule, na sijui kama anakumbuka. Vizibo vyangu vya leo nimevihesabu mwenyewe, na mikono yangu, kama mnavyoiona, nimeifunga nyuma.

Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, natamka kwamba Siku ya Mafumbo imefunguliwa. Kidato cha kwanza watangulie kuingia.